Ajira, kazi huru na ualimu katika njia moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mhariri wa ripoti za kitaalamu. Siku tatu kwa wiki nimeajiriwa na taasisi inayochapisha ripoti za utafiti. Siku mbili zinazobaki ni zangu: nahariri kazi za wateja wangu, na kila muhula nafundisha somo moja la uandishi chuoni. Nimeishi hivi kwa miaka tisa, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanaotaka kupanga maisha yao ya kazi kwa namna hii. Mifano inatoka kwenye uhariri kwa sababu ndiko ninakokujua. Mhasibu, mchoraji ramani au mtaalamu wa takwimu atabadilisha tarakimu, lakini atahesabu vilevile.

Hii inatofautiana vipi na mtu mwenye vibarua vingi?

Wazo lenyewe lilienezwa na Charles Handy, mwandishi wa Ireland aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya mafuta na baadaye kufundisha uongozi wa biashara. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 aligawa kazi katika mafungu matano: kazi ya mshahara, kazi ya ada, kazi za nyumbani, kazi za kujitolea na kazi ya kujifunza. Alisisitiza kwamba mtu anaweza kushika mafungu kadhaa kwa wakati mmoja, na kwamba fungu moja si lazima limpe kila anachohitaji.

Mwenye vibarua vingi naye anashika mafungu kadhaa. Tofauti naiona mahali pamoja tu: je, kuna kitu kinachovuka kutoka kazi moja kwenda nyingine? Nikihariri ripoti ya afya Jumatatu, nikakuta jedwali ambalo msomaji hawezi kulifuata, kisha kosa la aina hiyo likawa zoezi darasani Alhamisi, na maswali ya wanafunzi yakanionyesha njia fupi ya kulirekebisha kwa mteja wa Ijumaa, hapo kuna mwelekeo. Kama kila kazi inaanza na kuisha peke yake, hizo ni ajira tatu, na uchovu wake ni wa ajira tatu.

Nitajuaje kama kazi zangu zina mwelekeo mmoja?

Andika sentensi moja inayosema unamsaidia nani kufanya nini. Yangu ni hii: nawasaidia wataalamu waandike ripoti ambazo asiye mtaalamu anaweza kuzitumia kufanya uamuzi. Kisha chukua kila kazi uliyofanya katika miezi sita iliyopita na ujiulize kama inakaa ndani ya sentensi hiyo bila kulazimishwa.

Nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza nilikuwa na wateja kumi na mmoja. Wanne walikuwa wa ripoti. Waliobaki walikuwa na matangazo ya biashara, hadithi fupi, hotuba, barua za maombi ya kazi, tafsiri, na mswada mmoja wa kumbukumbu za familia. Zote zilikuwa kazi za maneno, kwa hiyo nilijidanganya kuwa zinafanana. Lakini nilichojifunza kwenye hadithi fupi hakikunisaidia chochote kwenye ripoti, na wala sikuweza kukipeleka darasani. Kila moja ilinitaka nijifunze upya. Ilinichukua kama mwaka mmoja na nusu kuziacha: nilizimaliza nilizokwisha ahidi, nikawaelekeza wateja hao kwa wahariri wengine, na nafasi iliyopatikana nikaijaza na ripoti tu.

Sentensi isiwe pana mno. “Napenda kuwasiliana na watu” inabeba kila kazi duniani, kwa hiyo haikusaidii kukataa hata moja. Sentensi nzuri huwa inakuuma kidogo, kwa sababu inaacha nje kitu unachokipenda.

Nianze na ipi kati ya hizo tatu?

Kwa wengi wetu, ajira kwanza, kazi huru pili, ualimu mwisho. Ajira inakupa msingi wa mapato na inakuonyesha kazi kubwa ikifanywa na watu wengi, jambo ambalo mteja mmoja mmoja hawezi kukuonyesha. Kazi huru inakufundisha kupanga bei na kukadiria muda. Ualimu unahitaji uwe na mifano yako mwenyewe, na mifano hutokana na miaka ya kushika kazi. Anayefundisha mapema mno hulazimika kusoma kitabu usiku na kukirudia darasani asubuhi.

Kama sasa unafanya kazi siku tano, usiombe kupunguza hadi mbili kwa mara moja. Omba nne kwanza, na ombi liwe na pendekezo la kazi zipi zitabaki kwako na zipi zitaondoka. Mwajiri anayekubali siku nne bila kupunguza majukumu amekupunguzia mshahara tu.

Somo la saa tatu kwa wiki linakula muda kiasi gani kweli?

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu mkataba wa kufundisha hutaja saa za darasani na kunyamaza kuhusu nyingine. Nitaeleza muhula wangu wa kwanza kama nilivyouandika katika daftari.

Darasani nilikuwa saa tatu kwa wiki, kwa wiki 14. Kila saa ya darasani ilinitaka saa mbili na nusu za maandalizi: kutafuta mfano, kuuondolea majina na alama za mteja, kutunga zoezi, kulifanya mwenyewe nione kama linawezekana. Hizo ni saa saba na nusu kwa wiki. Wanafunzi walikuwa 25, kila mmoja akaleta kazi nne, na kila kazi ilihitaji dakika 20 za kusahihisha. Jumla ni zaidi kidogo ya saa 33 kwa muhula, yaani karibu saa mbili na nusu kwa wiki. Ongeza saa moja ya kujibu maswali ya wanafunzi na kujaza fomu za alama. Saa tatu zilizoandikwa kwenye mkataba zikawa 14.

Siku zangu mbili zilikuwa na saa 16. Zilibaki saa mbili za wateja, na muhula ule nilichelewesha kazi mbili na kumpoteza mteja mmoja.

Muhula wa pili wa somo lilelile ulikuwa tofauti kabisa. Maandalizi yalishuka hadi dakika 45 kwa kila saa ya darasani, na jumla ikawa kama saa tisa kwa wiki. Kwa hiyo thamani ya somo iko katika kulirudia. Tangu hapo nina kanuni moja ninayoishika sana: sikubali somo jipya kabla sijalifundisha la zamani angalau mara tatu, na muhula wa somo jipya sipokei mteja mpya. Mkuu wa idara akikuomba somo tofauti kila muhula kwa malipo yaleyale, anakuomba urudie muhula wa saa 14 milele.

Usahihishaji haupungui kwa kurudia. Huo unapungua kwa kubadilisha zoezi. Nilipoacha kuomba insha ndefu nne na kuomba ukurasa mmoja ulioandikwa upya mara tatu, dakika 20 zikawa tisa au kumi, na wanafunzi walijifunza zaidi kwa sababu waliona sentensi yao ileile ikibadilika.

Nitoze kiasi gani kwa kazi huru?

Wengi huchukua mshahara wa mwezi, wakaugawa kwa siku za kazi, wakamtajia mteja kiasi hicho. Ni kosa, na kosa lenyewe linaonekana ukihesabu siku.

Siku mbili kwa wiki ni siku 104 kwa mwaka. Toa 14 za likizo, sikukuu na ugonjwa, zinabaki 90. Mimi nafundisha mihula miwili ya wiki 14, na saa tisa kwa wiki zinakula jumla ya siku kama 32. Zinabaki 58. Katika hizo, karibu asilimia 30 hazilipwi na mtu: ni muda wa kuandika makadirio, kufuatilia ankara, kusoma mkataba, kuzungumza na mteja ambaye mwishowe haleti kazi. Zinabaki siku 41 ambazo kweli naweza kumtoza mtu.

Sasa tuseme mshahara wa siku tano ungekupa 100 kwa mwaka, kwa kipimo chochote cha fedha unachotumia. Ukifanya siku tatu unapata 60. Ualimu, tuseme, unaleta 10. Kazi huru inatakiwa ilete 30 ili urudi pale ulipokuwa, na nyongeza ya kama 6 kwa kompyuta, programu, bima na akiba ya uzeeni, vitu ambavyo mwajiri alikuwa akivigharamia kwa sehemu. Hizo 36 zigawanye kwa siku 41: kila siku inatakiwa ilete karibu 0.88. Siku ya ajira, 100 ukigawa kwa siku 260 za kazi, inaleta 0.38. Kwa hiyo bei yako ya siku moja ya kazi huru lazima iwe zaidi kidogo ya mara mbili na robo ya siku ya ajira, na hapo hujapata faida yoyote. Umerudi ulipokuwa.

Tazama pia ualimu katika hesabu hiyo: 10 kwa siku 32 ni 0.31 kwa siku, chini ya ajira. Naueleza wazi kwa sababu ni jambo la kuamua ukiwa macho. Mimi naendelea kufundisha kwa sababu darasa ndilo linalonionyesha watu wanakwama wapi, na wateja wangu wanne wakubwa walikuja kupitia waliokuwa wanafunzi. Kama kwako darasa halileti lolote kati ya hayo, hesabu inakuambia uache.

Nikishajua bei ya siku, namtajia vipi mteja anayetaka bei ya kazi nzima?

Omba mswada wote kabla ya kutaja bei. Chagua kurasa kumi kutoka katikati, si mwanzoni, kwa maana mwanzo wa mswada karibu kila mara umeshapigwa msasa. Zihariri huku unapima muda. Mswada wa wastani huniendea kurasa tano za maneno 250 kwa saa. Ulioandikwa na watu wengi bila mratibu huniendea mbili au tatu. Gawanya kurasa zote kwa kasi uliyoipata ili ujue saa, zigeuze saa hizo kuwa siku, zidisha kwa bei yako ya siku, ongeza asilimia 15 kwa maswali na marekebisho ya mwisho, kisha taja kiasi kimoja. Andika kwenye makubaliano ni raundi ngapi za marekebisho zimo ndani ya bei. Mbili zinatosha. Omba arubuni kabla ya kuanza. Mimi huomba theluthi moja, na anayekataa arubuni mara nyingi ndiye atakayechelewesha kilichobaki.

Mwajiri wangu ataniruhusu?

Soma mkataba wa ajira kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Tafuta vifungu vitatu: kinachohusu kazi za nje, kinachohusu siri za kazi, na kinachohusu umiliki wa ulichokitunga. Cha tatu ndicho watu hukisahau. Mikataba mingine inasema kila unachokiandika katika fani ya mwajiri ni mali yake, hata ukikiandika Jumamosi ukiwa nyumbani, na vyuo vingine husema hivyo kuhusu maelezo ya masomo. Kama mwajiri na chuo wote wanadai umiliki wa zoezi moja, una tatizo kabla hujaanza. Omba barua fupi inayosema mifano yako ya kufundishia inabaki mali yako, ukiahidi kwamba haitakuwa na taarifa za mwajiri.

Halafu kuna migongano ya maslahi ambayo haiandikwi popote, nawe unapaswa kuiona mwenyewe. Mimi sihariri kwa malipo tasnifu ya mwanafunzi ninayemfundisha au wa idara ninayofundisha, hata akinisihi, kwa kuwa nitakuwa nimelipwa na mtu ninayempa alama. Sipokei kutoka nje ripoti ambayo mwandishi wake ataipeleka baadaye kwa mwajiri wangu ichapishwe. Mara moja nililigundua hilo kazi ikiwa katikati. Nilirudisha arubuni yote na kumwambia msimamizi wangu siku hiyohiyo. Iliniuma, lakini angelisikia kwa mtu mwingine ningepoteza mteja na ajira pia.

Siku tatu za ajira zimeanza kuwa tano. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha kwa kuandika. Kwa wiki nne, andika kila dakika ya kazi ya mwajiri inayoangukia siku zako: simu, ujumbe, kikao cha “nusu saa tu”. Yangu ilitoka saa tano na nusu kwa wiki. Hiyo ni zaidi ya nusu siku bila malipo, na ilikuwa inatoka moja kwa moja kwenye zile siku 41.

Sababu kwa kawaida ni siku zisizotulia. Ukifanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wenzako hawakumbuki lini upo na lini haupo. Nilihamia Jumatatu hadi Jumatano mfululizo, nikaandika siku hizo chini ya kila barua pepe, na kila Jumatano alasiri nikawa namtumia msimamizi aya moja: kilichokamilika, kinachosubiri, nani ameshika nini mpaka Jumatatu. Saa tano na nusu zikashuka hadi moja hivi. Hiyo moja naivumilia.

Angalia pia kalenda ya mwaka mzima. Mwajiri wangu ana msongamano wa ripoti za mwisho wa mwaka, chuo kina mitihani, na wateja wana tarehe za wafadhili. Vyote vitatu hukutana katika wiki zilezile tano au sita. Nazichora kwa wino mwekundu mwanzoni mwa mwaka, na katika wiki hizo siahidi kazi huru yoyote, hata ndogo.

Kodi je?

Sheria zinatofautiana, lakini mtego mmoja unapatikana katika nchi nyingi ambako kodi hupanda kadiri mapato yanavyopanda. Mara nyingi kila anayekulipa hukata kodi kana kwamba yeye ndiye anayekulipa peke yake. Mwajiri anakata kidogo, chuo kinakata kidogo, baadhi ya wateja hawakati kabisa. Mwisho wa mwaka mapato yakijumlishwa, unaingia daraja la juu na unadaiwa tofauti. Fungua akaunti ya pembeni na kila malipo ya mteja yakiingia, hamisha sehemu yake siku hiyohiyo. Kiwango muulize mhasibu, mara moja, mwanzoni.

Nijitambulishe vipi?

Kwa sentensi ile moja. Orodha ya vyeo vitatu humfanya msikilizaji ashindwe kujua akukumbuke kwa lipi. Kwenye wasifu wa kazi, weka sentensi juu kabisa, kisha panga uzoefu kwa aina ya tatizo ulilotatua, na chini ya kila tatizo uonyeshe ulilitatua wapi: kazini, kwa mteja, au darasani.

Lini nikatae kazi inayolipa vizuri?

Nikiona mteja mmoja anakaribia kuleta nusu ya mapato yangu ya kazi huru, sipokei zaidi kutoka kwake mpaka nipate mwingine. Mteja wa namna hiyo ni mwajiri asiyekupa likizo.

Pia nakataa kazi iliyo nje ya sentensi, isipokuwa kama fedha zimekauka kweli. Zikikauka, napokea, na naandika pembeni kwamba ni ya dharura. Dharura tatu mfululizo zinaniambia kwamba bei au sentensi yangu ina kasoro, na narudi kuitazama.

Baada ya miaka kadhaa mwelekeo unafika wapi?

Nitasema yangu. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa narekebisha sentensi. Makosa niliyoyakusanya kutoka kwenye ripoti, bila majina, yakawa mazoezi ya darasani. Wanafunzi walikwama daima mahali pamoja: walijua kueleza walichofanya, hawakujua kusema msomaji afanye nini. Kutokana na hilo nikatunga orodha ya maswali tisa ya kumuuliza mwandishi kabla hajaandika. Niliijaribu kwa wateja, na ripoti zao zikaanza kufika mezani kwangu zikihitaji karibu nusu ya saa za awali. Mwajiri aliiona, akanihamisha kutoka kuhariri mwishoni hadi kukaa na watafiti mwanzoni, kabla ya neno la kwanza kuandikwa.

Mwaka wa sita mteja mmoja hakutaka tena nihariri. Alitaka nije nifundishe wafanyakazi wake kwa siku mbili, wakiwa na ripoti zao wenyewe mkononi. Siku hizo mbili zilikuwa kazi ya mteja na zilikuwa ualimu, kwa bei ya kazi huru na kwa maandalizi niliyokuwa nayo tayari. Sasa ndizo zinazochukua siku 15 kati ya zile 41, na nimeanza kuzungumza na mwajiri kuhusu kushuka hadi siku mbili kwa wiki.